Gari ya mzee mwenye magoti: tunavyodanganyana na ukweli ulivyo

Mjomba wangu wa Isevya hapa Tabora ana miaka 74, alistaafu reli zamani, goti la kulia limeisha na shingo haigeuki kama mwanzo, lakini usukani haachii. Kila wiki lazima aende shamba, njia ya Sikonge afu unaacha lami unaingia vumbini, na akirudi apitie sokoni. Mwaka jana wanae walichanga hela abadilishiwe gari, na kwa vile mimi ndo niko karibu nikakabidhiwa kazi ya kutafuta. Nikapewa ushauri wa kila aina, wa watu wa kwenye miembe, wa madalali, wa mabinamu walioko Dar, na mwingi ulikuwa wa kutupoteza kabisa.

Dhana: Mzee mnunulie gari kubwa ya juu, ndo heshima na ndo atakaa raha

Hii ilitoka Dar. Binamu kashapata mpaka picha, gari ndefu nyeusi, ukisimama pembeni bega lako liko chini ya kioo. Sawa, heshima ipo, ila heshima ya mtu anayesukumwa makalio na mjukuu ili aingie kwenye gari lake mwenyewe sijui ni ya aina gani.

Ukweli ni kwamba kinachoamua ni siti iko juu kiasi gani kutoka chini, ukilinganisha na mwili wa huyo mzee. Nilichukua tepu ya shangazi ya cherehani nikaanza kupima. Kwanza nikapima kiti cha sebuleni, kile ambacho mjomba anakaa na kunyanyuka bila kushika kitu, nikapata sm 50. Gari yake ya zamani, ya chini, siti ilikuwa sm 46, na hapo ndo nikaelewa kwa nini kila akishuka anatoa ile sauti ya "eeeh Mungu wangu", maana makalio yanakuwa chini kuliko kiti chake na magoti yamekunjika sana, kunyanyuka hapo ni kazi ya mapaja peke yake. Ile kubwa ya juu nikaikuta kwa jirani, siti sm 87 na sakafu ya kuingilia sm 54. Yaani mguu mmoja aupandishe zaidi ya nusu mita huku mwili wote umebebwa na mguu uliobaki chini.

Na mguu unaobaki chini ni upi? Hili watu hawalifikirii. Gari zetu usukani uko kulia, ukiingia kwa kawaida unatanguliza mguu wa kushoto ndani, kwa hiyo wa kulia ndo unabaki umebeba kila kitu. Mjomba goti bovu ni la kulia. Kwa mzee ambaye bovu ni la kushoto mambo yanakuwa tofauti kidogo, yeye atateseka zaidi kulipitisha kizingiti na kulikunja chini ya usukani.

Inayofaa ni ile ya katikati. Mzee akisimama amegusa siti kwa nyuma, ukingo wa siti umfikie mapajani juu ya goti, karibu na makalio, ili akae bila kushuka na bila kupanda. Kwa mtu wa urefu wa kawaida hapo unaongelea kama sm 55 hadi 65. Gari fupi zenye paa la juu kama Raum au Ist nyingi zinaangukia humo au karibu na humo, ila pima mwenyewe maana springi zilizochoka zinashusha gari na mtu akifunga rimu zingine kipimo kinabadilika.

Afu kuna kizingiti, lile bati unalovuka mlangoni. Siti inaweza kuwa nzuri lakini kizingiti kipana na kirefu kwenda juu, mguu wa mzee unagonga kila siku mpaka suruali inachakaa sehemu moja. Angalia pia kingo za siti, zile siti za kimichezo zimeinuka pembeni kama bakuli, mzee anakalia ukingo kabla hajafika katikati na hapo ndo anateleza.

Dhana: Kuingia kwenye gari ni kuingia tu, hakuna ufundi

Upo. Mzee asianze na mguu. Afungue mlango mpaka mwisho, ageuke alipe gari mgongo, arudi nyuma mpaka mapaja yaguse siti, ainamishe kichwa, akae kwanza, miguu yote miwili ikiwa bado nje. Baadae ndo azunguke kuelekea usukani, kushoto kwake, mguu wa kushoto ukitangulia na wa kulia ukifuata. Hivo goti moja halibebi mwili peke yake hata sekunde moja. Kushuka ni kinyume chake, miguu yote ikanyage chini ndo anyanyuke.

Siti ya kitambaa inakwama kuzunguka. Wazungu wanashauri uweke mfuko wa plastiki ukalie uteleze, sisi mifuko ilipigwa marufuku 2019 kwa hiyo shangazi alikata kipande cha satini, kinafanya kazi ileile. Ila akishazunguka akitoe, akiendesha amekikalia breki ya ghafla inamtelezesha chini ya mkanda, na mkanda ukipanda tumboni unaumiza.

Kitu kingine, wazee wengi wakinyanyuka wanashika mlango. Mlango ni kitu kinachotembea. Gari nyingi upande wa dereva hazina hata ule mkono wa kushika juu ya mlango, abiria wote wanao, dereva hana, kwa hiyo mlango ukiwa haukai pale ulipoufungulia jua siku moja utamrudia mzee miguuni. Kabla hamjalipa ufungueni gari ikiwa kwenye mteremko kidogo muone kama unabaki.

Dhana: Gari ikiwa juu, mzee anaona vizuri

Anaona mbali, sawa. Karibu je? Boneti kubwa inaficha mtoto aliyesimama mbele. Tulifanya jaribio rahisi, mjomba kakaa kwenye usukani, mimi nikashika ndoo ya lita 20 nikawa naizungusha gari naiweka chini kila hatua mbili, yeye anasema "naiona" au "imepotea". Kwenye gari moja ndoo ilipotea kabisa nyuma ya nguzo ya kioo cha mbele upande wa kulia, na sio ndoo tu, nikasimama hapohapo na baiskeli hakuniona. Nguzo ikiwa nene na imelala sana, bodaboda anayekuja kwenye kona anakaa humohumo mpaka mko uso kwa uso.

Halafu tinti. Vijana wanaona ni urembo, ila jicho la mtu wa miaka 60 linafikisha ndani karibu theluthi moja tu ya mwanga unaofikishwa na jicho la kijana wa 20, mboni inakuwa ndogo na lenzi inaingia unjano. Mwanga wenyewe haba afu unampunguzia tena kwa karatasi nyeusi? Ibandue. Na zile taa za mbele zilizopauka njano zing'arishwe. Kama anaona miduara kuzunguka taa za wanaokuja usiku, huyo apelekwe akapimwe mtoto wa jicho kwanza, gari halina dawa ya hapo.

Tafuta siti yenye kitasa cha kupandisha juu na chini, wazee wanapungua urefu. Mto wa godoro sio mbadala, unabonyea na kuyumba. Na akisogea mbele ili aone, kifua kibaki angalau sm 25 kutoka usukani, maana ea begi ikifumuka inatoka kwa nguvu sana.

Dhana: Mzee kazoea manyuo, otomatiki itamchanganya

Nusu kweli. Klachi ni kukunja na kukunjua goti la kushoto mara mia kuanzia Isevya mpaka stendi, kwa hiyo otomatiki inampumzisha. Ila wiki za mwanzo mguu wa kushoto bado unatafuta klachi, unakuta breki pana iko pale, unakanyaga kwa nguvu ya klachi, gari inasimama ghafla aliyeko nyuma anakugonga. Mjomba alifanya hivyo mara mbili siku ya kwanza, bahati nzuri tulikuwa uwanjani hatuna mtu nyuma. Tukarudi kila asubuhi siku tano, mguu wa kushoto kaurudisha chini ya siti ukae hukohuko.

Hatari kubwa zaidi ni kukanyaga mafuta akidhani breki, na hapo aina ya gia inahusika. Chagua gia ambayo ukiiweka inabaki pale, P juu, D chini, mkono unajua bila macho. Kuna gari gia yake ni kijiti, ukikisukuma kinarudi katikati chenyewe na P ni kitufe pembeni, mzee akiangalia kijiti hakimwambii chochote, anadhani yuko nyuma kumbe yuko mbele. Na vitufe vya ubaridi viwe vya kuzungusha, ile skrini ya Kijapani isiyo na mtu wa kuisoma haimsaidii kitu.

Dhana: Gari zito ndo laini, hata umfungie rimu kubwa

Ulaini mwingi uko kwenye tairi na shokapu. Soma namba. Tairi ya 185/65R15 ukuta wake ni asilimia 65 ya 185, yaani kama mm 120. Gari tuliyoipenda mwenyewe alishafunga 195/45R17, hiyo ni mm 88. Sentimita tatu na kitu za mpira na hewa zimeondoka, na kwenye makorogesho ya njia ya shamba tofauti hiyo yote inaishia mgongoni mwa mjomba. Tukamwambia arudishe rimu za 15 ndo tuongee bei, alinuna lakini akarudisha.

Upepo nao. Kibandiko kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kimeandikwa kPa, 220 ni kama PSI 32. Sasa fundi tairi wetu ana tabia, akimuona mzee anamjazia mpaka 40, eti ndo heshima, gari isilale. Siku hizi mjomba anafungua mlango mpaka mwisho, anazungusha miguu yote nje, anasimama na fimbo yake pembeni ya fundi na kuangalia geji mwenyewe mpaka isome 32.