Elimu kwa umma: Kwa nini chuma hakipandi msimu wa marathoni

Kila msimu wa mbio unapokaribia hapa Mbeya, kitengo chetu hupokea lalamiko lilelile: "Napiga skwati kila wiki, lakini uzito ninaobeba haupandi." Wengi hufika wakiwa wameshanunua unga wa protini. Tunaomba mtuelewe: mara nyingi tatizo liko kwenye ratiba ya kuchanganya chuma na mbio.

Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Robert Hickson, alifuatilia makundi matatu kwa wiki 10. La kwanza lilinyanyua vyuma siku 5 kwa wiki, la pili lilifanya mazoezi ya pumzi, yaani kukimbia na kuendesha baiskeli, siku 6, la tatu lilifanya yote mawili. Nguvu za miguu za kundi la tatu zilipanda vizuri hadi karibu wiki ya 7, zikasimama, kisha wiki mbili za mwisho zikashuka. Pumzi yao, hata hivyo, iliongezeka kama ya kundi la pili. Kwa hiyo anayepoteza zaidi ni mnyanyuaji. Mkimbiaji huumia pale anapoingia kwenye mbio kali na miguu ambayo bado imechoka kwa skwati ya jana.

Chukueni mfano wa mteja wetu mmoja wa Uyole. Alikuwa akikimbia kilomita 12 za milima saa kumi jioni, kisha saa kumi na mbili anaingia jimu. Wiki ya 6 alipiga skwati ya kilo 90 mara tano. Wiki ya 9, kilo hizohizo zilimshinda mara ya tatu, na bado alijiona mvivu. Misuli iliyochoka haiwezi kubeba mzigo wa kuilazimisha ikue. Tena mteremko huumiza misuli ya mapaja kuliko baiskeli, na Mbeya yetu ni miteremko mitupu.

Hatukumpunguzia chuma. Tulihamisha skwati Jumatatu na Alhamisi asubuhi, mbio nyepesi za siku hizo zikabaki jioni, zaidi ya saa sita baadaye. Mbio ndefu ikabaki Jumamosi, ili Jumapili apumzike. Anayelazimika kuunganisha yote kwa mkupuo mmoja, na nguvu ndiyo shabaha yake, aanze na chuma. Baada ya wiki nne mteja wetu alipiga tena kilo 90 mara tano.

Anayeanza mazoezi, au anayekimbia mara mbili kwa wiki, asibadilishe chochote. Ataongeza nguvu na pumzi kwa pamoja. Wanaoathirika zaidi ni wazoefu, hasa kwenye nguvu za mlipuko kama kuruka.

Wanaotaka kupimwa waje na daftari la wiki nne lenye tarehe, saa, kilomita, kilo na idadi ya marudio. Daftari lisilo na saa tutalirudisha, kwa sababu pengo kati ya mazoezi mawili ndilo tunaloanza kulitazama. Mwenye maumivu ya goti au kifua aanzie kwa daktari.