Je, wajua? Aliyeshindwa kumalizia hela ya shamba hapotezi kila alicholipa

"Nilinunua shamba la mikorosho huku Newala kwa milioni 12. Nimeshalipa milioni 5, zilizobaki nimeshindwa. Muuzaji anasema hela imeliwa kwa sababu mimi ndiye niliyejitoa, na tulisaini hivyo. Kweli siwezi kudai hata senti?"

Unaweza kudai, na huenda ukarudishiwa sehemu kubwa. Huku Kusini watu wengi, wakiwemo wenyeviti wanaosimamia mauziano, wanaamini kwamba anayevunja mkataba hana cha kudai. Kuna wanaoamini kinyume chake, kwamba hela ya mtu ni lazima irudi yote hata kama yeye ndiye aliyeghairi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haikubaliani na upande wowote. Inauliza hela ililipwa kwa kazi gani, na muuzaji amepata hasara kiasi gani.

Mfikirie fundi cherehani anayeshona kanzu za Idi. Unampa shilingi elfu kumi akushikie nafasi, kisha unampelekea kitambaa. Ukighairi wiki moja kabla ya sikukuu, zile elfu kumi huwezi kuzidai tena, kwa kuwa alikataa wateja wengine kwa ajili yako. Lakini kitambaa hakiwi chake kwa sababu tu umeghairi. Kama ameshanunua uzi na vifungo, atadai gharama hiyo, na kitambaa utarudishiwa. Kwenye shamba, kile kiasi kidogo cha siku ya kwanza, ambacho wengi hukiita kishika uchumba, ndicho zile elfu kumi za fundi: kinaonyesha kwamba mnunuzi hatanii, na kinamlipa muuzaji kwa kuacha kuwasikiliza wengine. Awamu zinazofuata ni kitambaa. Ni sehemu ya bei, zimelipwa ili shamba lipatikane, na shamba lisipopatikana muuzaji hana sababu ya kukaa nazo zote.

Kinachowachanganya watu ni ile sentensi ya "mnunuzi akishindwa kumalizia, fedha zote alizolipa hazitarudishwa." Ameisaini, mashahidi wapo, muhuri upo, kwa hiyo anaona amejifunga mwenyewe. Hapo kifungu cha 74 kinaingia. Kinasema kwamba mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa pale unapovunjwa, au ukiweka adhabu nyingine, aliyeumizwa anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kwa maneno mengine, kilichoandikwa ni kikomo cha juu, si kiasi anachojichukulia muuzaji moja kwa moja. Mahakama inaweza kumpa pungufu, tena pungufu sana, kama hasara yake ni ndogo.

Sheria yetu imefuata kwa karibu ile ya mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ndiyo iliyotumika Tanganyika hadi ilipotungwa ya hapa mwaka 1961. Ndiyo maana mawakili wetu husoma hukumu za India kuhusu kifungu hiki. Hazizifungi mahakama zetu, ila hushawishi. Mojawapo ni ya Mahakama ya Juu ya India, mwaka 1963. Mnunuzi wa nyumba Delhi, bei ikiwa rupia 112,500, alitoa rupia 1,000 siku ya kusaini, kisha 24,000 alipokabidhiwa, halafu akashindwa kumalizia. Mkataba ulisema zote 25,000 zimepotea. Mahakama ilimwachia muuzaji ile 1,000. Zile 24,000 ilikataa azichukue kama adhabu, kwa kuwa hakuthibitisha hasara ya kiasi hicho. Mnunuzi naye alitakiwa kulipia muda ambao alikuwa anaitumia mali ya mwenzake. Mambo yote matatu, yaani kilichopotea, kilichorudi na kilicholipiwa, yanafaa kwenye shamba la Newala.

Tuhesabu. Tuseme zile milioni 5 zililipwa hivi: milioni 1 siku ya makubaliano, ikaandikwa wazi kuwa ni kishika uchumba, na milioni 4 miezi miwili baadaye kama awamu ya pili. Milioni 7 zilizobaki zilikuwa zilipwe mwisho wa Desemba, baada ya malipo ya korosho. Umeshindwa, na muuzaji amempata mtu mwingine kwa milioni 11.4. Hasara yake kwenye bei ni 600,000. Tayari ana milioni 1 mkononi, inayoifunika hasara hiyo na kubaki. Kwa hiyo milioni 1 umeikosa, na milioni 4 unazo nguvu za kuzidai.

Sasa tuseme bei imeshuka na mnunuzi wa pili ametoa milioni 10. Hasara ni milioni 2. Toa milioni 1 aliyokwisha kuishika, inabaki milioni 1 ya kukatwa kwenye awamu ya pili, nawe unadai milioni 3. Anaweza kuongeza gharama halisi, kama nauli za kumtafuta mnunuzi mpya. Lakini hawezi kuliacha shamba bila kulitangaza kwa miaka miwili, bei ikizidi kuporomoka, kisha akutwike yote. Kifungu cha 73 kinampa fidia ya hasara inayotokana na kuvunjwa kwa mkataba kwa mwendo wa kawaida wa mambo, na katika kuipima, njia alizokuwa nazo za kuipunguza zinaangaliwa.

Na kama ulishaingia shambani ukapulizia salfa na kuokota korosho za msimu mmoja? Hapo hesabu inageuka. Muuzaji ana haki ya kudai mapato ya matumizi hayo, na msimu mzuri unaweza kumeza sehemu kubwa ya dai lako. Wanaosahau kuyataja mavuno hayo hujikuta wakiulizwa barazani, mbele ya majirani waliowaona wakianika.

Kipimo cha kishika uchumba nacho kina ukomo. Kifungu cha 74 hakitaji asilimia. Kwenye desturi ya Kiingereza, ambayo mahakama zetu huisoma pale sheria iliyoandikwa inaponyamaza, asilimia 10 ya bei ndiyo iliyozoeleka. Mwaka 1993 Baraza la Faragha la London, ambalo ndilo mahakama ya mwisho ya rufaa kwa Jamaika, katika kesi iliyotoka huko lilikataa asilimia 25 kuitwa kishika uchumba na likaamuru irudishwe, muuzaji abaki na haki ya kukata hasara aliyoipata kweli. Milioni 1 katika 12 iko salama ndani ya mazoea hayo. Muuzaji aliyeziandika milioni 5 zote kwa jina hilo atakuwa na kazi ngumu ya kuitetea karatasi yake. Na kama karatasi imeandika tu "amelipa advansi," nafasi yako ni nzuri zaidi, kwa sababu hakuna kiasi kilichotengwa kuwa cha kushikia.

Kabla ya kukubali kwamba wewe ndiye uliyejitoa, angalia mambo mawili.

La kwanza ni tarehe. Kuchelewa si kujitoa. Kwa kifungu cha 55, kama muda haukuwa jambo la msingi la mkataba, kuchelewa kunampa muuzaji fidia ya ucheleweshaji, hakumpi ruhusa ya kuuvunja. Katika mauziano ya ardhi muda kwa kawaida hauchukuliwi kuwa wa msingi, isipokuwa mkataba umesema hivyo au mazingira yanaonyesha hivyo. Muuzaji aliyeuza kwa mtu mwingine Januari 5, bila kukupa notisi ya kumalizia, huenda yeye ndiye aliyevunja, na hapo unadai milioni zote 5, pamoja na kile kishika uchumba. Ndiyo sababu meseji ina uzito. Ukiandika "nimeshindwa, tafuta mtu mwingine," umejitoa kwa mkono wako, na meseji za simu hupokelewa kama ushahidi. Kama unachohitaji ni muda, andika kwamba unaomba muda, na utaje tarehe.

Wapo wanaojitetea kwamba malipo ya korosho yalichelewa. Msimu wa 2018, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walisubiri hela zao kwa miezi. Hata hivyo, kukosa hela hakuhesabiwi kuwa mkataba umeshindikana kutekelezeka. Kunakusaidia pale tu mlipoandika kwamba awamu ya mwisho italipwa baada ya malipo ya msimu kutoka.

La pili ni uhalali wa mauziano yenyewe, na hapa ndipo madai mengi ya vijijini Mtwara na Lindi hugeuka. Ardhi ya kijiji haiuzwi kwa saini ya mwenyekiti wa kitongoji. Inahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na Mahakama ya Rufani imeshasema zaidi ya mara moja kwamba mauziano yasiyo na idhini hiyo hayana nguvu. Omba kuona muhtasari wa kikao kilichojadili mauziano yenu. Muhtasari huo usipokuwepo, swali la nani amejitoa linapoteza maana, kwa kuwa hapakuwa na mkataba wa kujitoa. Kifungu cha 65 kinamtaka aliyepokea faida chini ya makubaliano yaliyogundulika kuwa batili airudishe, nawe urudishe shamba na ulichovuna. Neno "yaliyogundulika" lina uzito: muuzaji akithibitisha kwamba tangu siku ya kwanza ulijua idhini inahitajika na ukaamua kuikwepa, ombi lako linadhoofika.

Ukishajua umesimama wapi, andika barua ya madai yenye hesabu kama ile ya hapo juu, utaje kiasi unachokubali kukiacha. Dai la "hela yangu yote" hukataliwa mlangoni, wakati dai la milioni 4 lenye maelezo humlazimu muuzaji kuonyesha hasara yake. Ambatanisha nakala ya mkataba na meseji za malipo ya simu. Mkienda Baraza la Kata, kumbuka kwamba tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha, haliamui tena. Mkisuluhishwa, kubalianeni kwa maandishi na tarehe za kurudisha, maana muuzaji mara nyingi ameshaitumia hela na atalipa kwa mafungu. Msiposuluhishwa, na unachodai ni hela tu bila kugombea shamba, hilo ni dai la mkataba na linaweza kupelekwa mahakama ya kawaida. Ukigombea shamba lenyewe, njia ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Dai la mkataba lina muda wa miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza.