Ripoti ya SBAR pale herufi A inapobaki tupu

Kwenye zoezi hili mdoli aliyelazwa kitandani ni mama wa miaka 28 kutoka Konde, kajifungua mtoto wa nne saa 08:10. Ikifika 09:00 damu bado inamtoka. Mwanafunzi anatakiwa aandike ripoti ya kumkabidhi kwa daktari: S ni hali iliyopo, B historia, A tathmini, R ombi.

Kwanza saa. Kwetu “saa 2:10” ni asubuhi, lakini kwenye karatasi mwengine ataisoma kuwa usiku wa manane. Andika 08:10, ripoti nzima. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza damu, inatakiwa itolewe ndani ya saa 3 tangu kujifungua, na atakayeitoa atahesabu kutoka hapo ulipoandika.

S haizidi sentensi mbili: “Mama aliyejifungua dakika 50 zilizopita ametokwa na damu ml 650, na bado inatoka.” Hiyo 650 haikukisiwa kwa macho, maana macho hupunguza. Pedi na vitambaa vilivyolowa vimepimwa gramu 760, vikavu vilikuwa 110; gramu moja ya damu ni karibu ml 1.

B iwe fupi pia. Uzazi wa nne, oksitosini yuniti 10 saa 08:11, kondo la nyuma limetoka zima 08:20, hana mzio wa dawa unaojulikana. Malaria ya mwaka juzi iache.

Wengi hukwama kwenye A. Wanaandika “mapigo 124, presha 92/58” kisha wanahamia R, kana kwamba namba zitajieleza zenyewe. Zirejee za 08:30: mapigo 92, presha 112/70. Gawa mapigo kwa namba ya juu ya presha: mwanzo ilikuwa 0.82, sasa ni 1.35. Kwa mama aliyejifungua, ikifika 0.9 ni ya kutisha. Presha peke yake ingechelewa kukwambia, kwani mwili huongeza kasi ya moyo kwanza ili kuishikilia. Sasa andika unavyoona: “Kizazi ni laini, hakijakaza. Nadhani damu inatoka hapo, na mgonjwa anaelekea kwenye mshtuko.” Kama chanzo hukijui, andika “chanzo sikijui, lakini hali inashuka.” Hiyo nayo ni tathmini, na si aibu.

“Tafadhali njoo umuone” si ombi. Daktari anaweza kuja baada ya nusu saa na akawa hajakosea. Andika: “Nasugua kizazi, dripu ya oksitosini imeanza 09:01. Naomba ufike wadi ya wazazi ndani ya dakika 5, uidhinishe traneksamiki gramu 1 kwa mshipa, itolewe kwa dakika 10, na chupa 2 za damu ziandaliwe.”

Msomee kwa simu, naye akurudishie alichosikia. Chini andika jina la aliyepokea na saa: 09:04. Ikifika 09:09 hajatokea, mpigie anayemfuata, na hilo nalo liandikwe.