"Nimekupenda" haijapita

"Jamaa kaniambia 'nimekupenda', hajasema 'nakupenda'. Ndo kusema yalishapita au? Na mtu akisema 'nitakupenda' je?"

Hayajapita dada, tulia. Hiyo -me- inasema jambo limetokea na hali yake bado ipo, kama ukiuliza mtoto yuko wapi ukajibiwa "amelala", ujue hajaamka huyo, yupo kitandani. Yangekuwa yamepita angekwambia "nilikupenda".

Ingia duka la kanga huku kwetu Tanga, pale Ngamiani, usikilize akinamama. Kanga inafunuliwa, mtu anaishika, anasoma jina lake, halafu utasikia "hii nimeipenda, bei gani?" Hasemi naipenda, maana dakika mbili nyuma alikuwa hajaiona. Naipenda ni ile iliyoko nyumbani, anayojifunga siku zote. Kwa hiyo jamaa anakwambia kulikuwa na kabla, hukuwemo moyoni, na sasa umeingia, na ndo maana swali linalofuata huwa "umenipendea nini?" Mwambie akujibu.

Ila sikiliza kama kaongeza "bure". Hata bibi wa sokoni ukimbebea kikapu atakwambia "mwanangu nimekupenda bure", hiyo ni kufurahishwa na tabia yako, haina posa ndani yake.

Nakupenda haina kabla wala baada, inasema hali ilivyo tu. Na kumbe ndani yake zimejificha mbili, moja ni "ninakupenda" iliyokatwa ni- ya mbele, nyingine ni ile -a- tunayoisikia Tanga kila siku kwenye "waja leo waondoka leo". Kwa mimi zinatoka sauti moja huwezi kuzitenganisha, lakini geuza iwe wewe utaziona: unanipenda, wanipenda. Watu wa pwani wengi tutakuuliza "wanipenda?", na hapo unaulizwa ulivyo siku zote, sio leo tu.

Sasa nitakupenda, hii mi naiogopa ikija peke yake kabla hujasikia zile mbili. -ta- imetokana na kutaka, na ukitaka kuiona yote sema "nitakayempenda", hiyo -taka- inajitokeza wazi. Mtu anaahidi kitu ambacho bado hakipo, na mara nyingi nyuma yake kuna sharti hata kama hajalitaja, "ukibadilika nitakupenda", "ukinizalia nitakupenda". Ikiwa keshasema nakupenda, halafu akaongeza nitakupenda mpaka kufa, hapo sawa kabisa, maana anarefusha kilichopo.

Uongo unaweza kusemwa kwa zote tatu, herufi haizuii. Lakini ukitaka kujua mtu anasimama wapi we sikiliza anavyokataa. "Sikupendi" mlango umefungwa leo, "sitakupenda" kafunga na wa kesho. Akikwambia "sijakupenda", hiyo -ja- maana yake bado, kwa hiyo ukimuuliza "bado eeh?" na akakaa kimya, hajakukatalia.