Karani anayepinga mfumo si lazima awe mwizi

"Huyo ana anachokificha." Ofisi ikileta mfumo mpya wa uhasibu, karani akanuna, kauli hiyo haichelewi. Inachosha, na mara nyingi si kweli.

Chukua shule ambayo wazazi hulipa ada benki na kwa simu. Mfumo unasoma taarifa ya benki na kuoanisha kila malipo na namba ya mwanafunzi. Tuseme malipo ni 240 na 211 yameoana yenyewe. Yale 29 yanatupwa kwenye akaunti ya muda, yasubiri kujulikana ni ya nani: mzazi kaandika "Neema fomu 2" badala ya namba, mwingine katuma 700,000 kwa mkupuo, mtoto mmoja akidaiwa 400,000 na mwenzake 300,000. Karani anajua simu iliyotuma ni ya mjomba wao, anamaliza kwa dakika moja. Kijana wa mfumo hajui, basi anaripoti "makosa 29 ya karani". Ugomvi huanzia hapo. Karani anahesabu kwamba akishatoa yaliyo kichwani mwake hatahitajika tena, kwa hiyo anabana. Kijana anamwona mkaidi, bosi anamwona mwizi.

Wizi una alama zake. Karani anakula fedha taslimu za mzazi wa kwanza, kisha malipo ya wa pili yaliyoingia benki anayaandika kwa mtoto wa kwanza, ya wa tatu kwa wa pili, na hawezi kuacha. Toa malipo 30, panga tarehe ya kuingia benki kando ya tarehe ya kuandikwa kwenye akaunti ya mtoto, kisha linganisha jina la mlipaji na stakabadhi aliyonayo mzazi. Fedha za huyu zikikutwa kwa yule, tena na tena, na madeni ya watoto walewale yakizidi kuchelewa kufutwa, shtuka. Karani mwoga tu huchelewa ovyoovyo, lakini kila shilingi inafika kwa mtoto wake. Taarifa ya benki aichukue mtu mwingine, la sivyo unajipima kwa rula ya mtuhumiwa.

Kipimo hiki hakijanyooka kama ninavyokiandika. Karani mzembe huacha alama zinazofanana na za mwizi, na hapo ni stakabadhi za wazazi tu zitakazoamua.

Woga wenyewe nao una msingi. Kama kazi ilikuwa kunakili taarifa ya benki kwenye Excel, kazi hiyo imekwisha. Iliyobaki ni yale 29. Kwa hiyo mifumo miwili, wa zamani na mpya, inapoendeshwa sambamba, orodhesha tofauti kwa sababu yake, si kwa jina la mtu: namba haipo, malipo ya ndugu, yamerudiwa, yamechelewa benki. Karani ndiye aandike kanuni ya kila sababu, na jina lake libaki kwenye kanuni hiyo. Bosi naye aseme kwa maandishi, kabla ya kuanza, nani atashika akaunti ya muda baadaye. Kama hajaamua, asitangaze kikaoni kwamba hakuna atakayepunguzwa, maana siku inayofuata karani ataweka nywila kwenye faili lake la Excel.