«Inakaribia bila kufika» si maana ya limiti

Basi imetosha. Kila msimu wa mitihani, kutoka Kisauni hadi Changamwe, jibu ni lile lile: «limiti ni namba ambayo fanksheni huikaribia zaidi na zaidi bila kuifikia.» Sentensi hiyo ina makosa mawili, na la kwanza linaonekana kwa fanksheni moja ya kawaida kabisa:

f(x) = (2x + 1)/(x − 3)

Tuanze na x ikikua. f(4) = 9, f(10) = 3, f(103) = 2.07, f(703) = 2.01. Limiti ni 2, hilo halina ubishi. Lakini hebu pima umbali wa majibu hayo kutoka 1 badala ya 2. Unapata 8, kisha 2, kisha 1.07, kisha 1.01. Umbali unapungua kila hatua, na 1 haifikiwi kamwe. Kwa hiyo kwa maana ile ya «kukaribia bila kufika», limiti ni 1 pia. Na ni 0 pia. Na ni −50. Matatu ya Malindi inayoishia Mtwapa huikaribia Likoni njia nzima, na hakuna makanga atakayeita abiria wa Likoni.

Kosa la pili ni hilo la «bila kuifikia». Chukua sin(x)/x. x ikienda infiniti, limiti ni 0, na fanksheni yenyewe inaigusa 0 kila x inapokuwa π, 2π, 3π, na kuendelea bila mwisho. Tena kila ikishaigusa inaondoka, yaani inakuwa mbali zaidi kuliko ilivyokuwa punde tu. Haikaribii «zaidi na zaidi» hata kidogo. Limiti iko pale pale.

Mwanahisabati Cauchy mwenyewe, mwaka 1821, alitumia neno la kukaribia, lakini aliongeza sharti kwamba mwishowe tofauti iwe ndogo kadiri mtu apendavyo. Watu wamebeba nusu ya kwanza wakaiacha ya pili, na ya pili ndiyo limiti. ε na M ni sharti hilo tu limeandikwa kwa namba, L ikiwa limiti:

Kwa kila ε > 0, ipo M ambayo kila x > M inatoa |f(x) − L| < ε.

Somo zima limo katika mpangilio wa maneno hayo. ε inatajwa kwanza, na anayeitaja ni mpinzani wako. Wewe unajibu kwa M. M yako inaruhusiwa kuitegemea ε, lakini hairuhusiwi kuitegemea x. Ukiona x ndani ya M yako, futa. Na ile L = 1 inaangukia hapa hapa: mpinzani akisema ε = 1/2, umbali wa f(x) kutoka 1 ni 1 + 7/(x − 3), ambao kwa x > 3 haushuki hata kufika 1. Hakuna M ya kumjibu. Kwisha.

Sasa kwa L = 2. Toa kwanza, ndipo uanze kufikiria:

(2x + 1)/(x − 3) − 2 = (2x + 1 − 2x + 6)/(x − 3) = 7/(x − 3)

Angalia hiyo +6. Wengi hutoa mabano vibaya, wanaandika −6, wanabaki na −5 juu, na kuanzia hapo kila mstari unaonekana msafi. Kwa x > 3, 7/(x − 3) < ε ni sawa na x > 3 + 7/ε. Basi M = 3 + 7/ε. Mpinzani akitaka ε = 0.01, M ni 703. Kwenye 703 yenyewe tofauti ni 0.01 kamili, ndiyo sababu tunadai x > M, si x ≥ M. Kwenye 704 ni 7/701, kama 0.00999, imepita. Yule wa −5 angepata M = 503, na akijaribu x = 504 angekuta tofauti ni 7/501, karibu 0.014. Jaribio la dakika moja, kalkuleta mkononi, na karibu hakuna anayelifanya.

M hiyo si lazima iwe ndogo kuliko zote. Ukisema 3 + 100/ε, uthibitisho ni halali vile vile. Hili lina faida kubwa fanksheni ikiwa na x² juu na chini, kwa sababu kutafuta M kamili kunakuingiza kwenye mizizi isiyo na maana, wakati kinachotakiwa ni kuikuza tofauti hadi iwe kitu chepesi kama 12/x, kisha kuifunga hiyo. Mimi ningependa tuanze kufundisha kwa M za ovyo kama hizo. Ila nakiri, sijui kama mwanafunzi ambaye hajawahi kupata M kamili anaelewa kwa nini ya ovyo inatosha.

Upande wa pili ni x ikiikaribia 3. Hapa vitabu vingi vinarudia herufi M kwa kazi nyingine kabisa: sasa M ni urefu anaoudai mpinzani kwenye y, na jibu letu ni δ, upana wa karibu na 3. Kutoka kulia:

Kwa kila M > 0, ipo δ > 0 ambayo kila x yenye 0 < x − 3 < δ inatoa f(x) > M.

Tafadhali usiniandikie 7/0. Hakuna mahali tunapogawa kwa sifuri; x = 3 imefungiwa nje na ile 0 <. Kwa kuwa f(x) = 2 + 7/(x − 3), chukua δ = 7/M. Basi 7/(x − 3) > M, na ile 2 ni ziada. Imetimia.

Kutoka kushoto fanksheni inakwenda −∞, na hapa ndipo kunakili kunapoumiza. Tunataka f(x) < −M kwa 0 < 3 − x < δ. Ukirudia δ = 7/M, na M ikiwa 1000, x yenye 3 − x = 0.00699 imo ndani ya δ, lakini f(x) ni kama −999.4. Haijafika chini ya −1000. Ile 2 iliyokuwa ziada upande wa kulia sasa ni deni, na lazima ilipwe kwanza: δ = 7/(M + 2).

Nakiri alama ya = katika «lim f(x) = ∞» hainikai vizuri. ∞ si namba, na kwa maana kali limiti haipo. Tunachoandika ni ufupisho wa sentensi ile ya M na δ. Ndiyo maana kwa f yetu huwezi kuandika lim = ∞ kwa x → 3 bila kutaja upande, wakati kwa 1/(x − 3)² unaweza: δ = 1/√M inatosha pande zote mbili.