Potasiamu 8.4 na mgonjwa anaosha kikombe

Kwenye karatasi ya viwango vya kawaida ninayowagawia wanafunzi wa uuguzi, mstari wa potasiamu ni mfupi: 3.5 hadi 5.0 mmol/L kwa mtu mzima. Ikipanda, fikiria figo. Ikishuka, fikiria kuhara na kutapika. Mstari huo ni sahihi, lakini mwanafunzi anayeujua kwa moyo bado anaweza kumdhuru mgonjwa. Kabla ya kuuliza namba ina maana gani, lazima ajue kama imetoka kwa mgonjwa au imetoka kwenye chupa.

Nimefanya kazi maabara kwa miaka mingi hapa Uganda, na kisa ninachowasimulia kila mwaka ni cha mama mmoja wa miaka 34 aliyelazwa kwa malaria. Siku ya tatu homa ilikuwa imeshuka na anakula vizuri. Asubuhi ilichukuliwa damu ya kupima figo na chumvi za mwili. Majibu yakatoka hivi: sodiamu 138, potasiamu 8.4, kreatini 72, kalsiamu 1.1. Daktari intani aliposikia 8.4 akaanza kuandika insulini na dekstrosi, na ana haki ya kushtuka, kwa sababu potasiamu ya kiasi hicho inaweza kusimamisha moyo wakati wowote. Nilikwenda wodini mwenyewe. Kitanda kilikuwa kitupu. Mama yuko bombani, anaosha kikombe chake cha chai.

Soma tena ile karatasi ya majibu, safari hii mistari yote pamoja. Kreatini 72 ni figo nzima kabisa, na figo nzima haziachi potasiamu ifike 8.4 kwa mtu anayekojoa na kula. Kisha kalsiamu: kawaida yake ni karibu 2.1 hadi 2.6 mmol/L. Mtu mwenye 1.1 vidole vyake hukakamaa na kujikunja, mdomo humfa ganzi, hata degedege humshika. Vidole vya huyu vilikuwa vinasugua kikombe. Potasiamu iliyopaa pamoja na kalsiamu iliyoporomoka, kwa mtu asiye na dalili, ni alama ya chupa yenye kifuniko cha zambarau.

Chupa hiyo ya kupimia picha ya damu ina dawa ya kuzuia damu isigande, na kwenye lebo yake imeandikwa K2EDTA. Hiyo K ni potasiamu yenyewe. EDTA nayo huzuia damu kuganda kwa kuikamata kalsiamu, ndiyo maana moja inapanda na nyingine inazama. Nilimuuliza mwanafunzi aliyetoa damu, kwa upole, kwa sababu ukimfokea hatasema ukweli. Akanijibu, "Mwalimu, damu ilikuwa kidogo kwenye chupa nyekundu, nikaongezea kutoka kwa ile ya zambarau." Tukatoa damu upya. Potasiamu 4.2, kalsiamu 2.3. Fikiria sasa kama ile insulini ingeingia kwa mtu mwenye 4.2: potasiamu yake ya kweli ingeshuka, na sukari huenda nayo ingeshuka.

Kwa hiyo damu haihamishwi kutoka chupa moja kwenda nyingine, hata tone. Na ukitoa damu ya chupa kadhaa, jaza nyekundu kabla ya zambarau. Ya kijivu, ya kupimia sukari, iwe ya mwisho, kwani nyingi huwa na oksaleti ya potasiamu.

Kosa la pili hutokea mara nyingi zaidi, nalo ni kupasua chembe nyekundu. Karibu potasiamu yote ya mwili, asilimia 98 hivi, imefungwa ndani ya chembe, na ile tunayoipima ni kidogo kilichobaki nje. Chembe zikipasuka, ile ya ndani humwagika nje. Zinapasuka ukivuta sirinji kwa nguvu kwenye mshipa mwembamba, ukisukuma damu kupitia sindano kuingia kwenye chupa, au ukitikisa chupa badala ya kuipindua polepole. Mpira wa kufungia mkono ukikazwa muda mrefu huku mgonjwa anafumba na kufumbua ngumi, potasiamu pia hupanda, safari hii ikitoka kwenye misuli. Nikishazungusha chupa kwenye mashine, seramu safi huwa ya manjano hafifu. Iliyoharibika huwa ya pinki, kama maji uliyooshea nyama.

Vituo vya afya vinavyotuma damu hospitali kwa pikipiki vina shida yao. Damu nzima ambayo haijazungushwa msiiweke kwenye friji. Chembe hutumia nguvu kuirudisha potasiamu ndani. Baridi huizuia kazi hiyo, na potasiamu inavuja pole pole bila seramu kubadilika rangi. Hiyo siwezi kuiona kwa macho. Nitaijua tu ukiniandikia kwenye fomu saa uliyotoa damu.

Lakini msije mkaona seramu nyekundu mkadharau. Mtoto mwenye selimundu, au yule wa malaria anayekojoa mkojo mweusi kama kahawa, ambao tunawaona sana mashariki, Mbale na Soroti, chembe zake zinapasuka ndani ya mwili. Ukirudia kwa uangalifu mara mbili, seramu bado ni nyekundu. Hapo potasiamu ni ya kweli. Nenda ukaangalie mkojo wake.

Na ipo potasiamu ya juu iliyo ya kweli, isiyosubiri chupa ya pili. Mgonjwa asiyekojoa, kreatini imepanda, au anayemeza enalapril pamoja na spironolaktoni, potasiamu ikifika 6.5 mwite daktari sasa hivi na muwekee kipimo cha umeme wa moyo. Mawimbi ya T yakiwa marefu yenye ncha kama hema, au mawimbi ya QRS yamepanuka, matibabu yaanze huku damu ya kurudia ikienda maabara. Kalsiamu glukoneti hulinda moyo, insulini na dekstrosi husukuma potasiamu ndani ya chembe, lakini hakuna kati yake inayoitoa mwilini. Baada ya saa chache inarudi, kwa hiyo kipimo kirudiwe.

Upande wa chini, chupa hudanganya mara chache. Furosemaidi, kuhara na kutapika ndivyo visababishi vya kila siku. Mgonjwa hulegea miguu, tumbo hujaa gesi na kuacha kunguruma. Uongo mmoja ninaoukuta ni damu iliyotolewa mkono wenye dripu: potasiamu na sodiamu zimeshuka, na sukari imepaa kwa mtu asiye na kisukari. Hiyo sukari ni dekstrosi ya dripu. Toa damu mkono wa pili.

Kama potasiamu ya 2.0 ni ya kweli, utakutana na ampuli ya kloridi ya potasiamu. Ile ya mililita 10 ya asilimia 15 ina mmol 20. Haisukumwi kwenye mshipa kwa sirinji kamwe. Ikisukumwa moyo husimama. Huchanganywa kwenye dripu, mfuko ukapinduliwa mara kadhaa ili isitulie chini, na wodini isizidi mmol 10 kwa saa. Na kabla ya kuifungua, uliza kama mgonjwa amekojoa.